Kapasita Kubwa Haiponyi Mvumo

Mpelekee fundi sabufa inayovuma, na mara nyingi jibu atakuwa nalo kabla hajafungua skrubu ya kwanza: kapasita. Ataifungua, ataikuta ile kubwa ya maikrofaradi 4,700 pembeni ya daiodi, ataing'oa na kuchomelea ya 10,000 mahali pake. Nafasi ikiwepo ataongeza na ya pili. Wapenzi wa muziki wenye uwezo nao wana imani hiyohiyo, ila wao huzipanga kapasita safu kwa safu kisha wanawaonyesha wageni. Wote wanashika hoja moja, kwamba mvumo ni uchafu ulio kwenye laini ya umeme, basi laini ikisafishwa vya kutosha spika itanyamaza.

Hoja hiyo ninaikataa. Sisemi kapasita haifanyi kazi. Ninasema wenye hoja hii wanapima kitu kimoja na kusikiliza kingine. Kilichopo kwenye laini ya umeme hakisikiki na mtu. Kinachosikika ni sehemu yake ambayo saketi ya sauti imeiruhusu kupita, na sehemu hiyo inategemea zaidi jinsi saketi ilivyoungwa kuliko ukubwa wa kapasita iliyo mbele yake. Kwenye karatasi za vipimo vya chipu sifa hiyo huandikwa `PSRR`, au `SVR` kwa baadhi ya watengenezaji: uwezo wa hatua ya ukuzaji kukataa mitikisiko ya umeme unaoilisha.

Tuanze na mtikisiko wenyewe. Umeme wa ukutani hapa kwetu una hezi 50. Ukipita kwenye daraja la daiodi nne, kila nusu ya wimbi hugeuzwa upande mmoja, hivyo kapasita hujazwa mara 100 kwa sekunde. Kati ya mjazo mmoja na mwingine amplifaya inaendelea kunywa, na volti inashuka. Ukubwa wa kushuka huko ni mkondo ukigawanywa kwa zao la 100 na kapasita. Chukua sabufa ya kawaida yenye chipu kadhaa za TDA2030 pamoja na kibodi cha redio na flashi, ikiwa imewashwa bila muziki na inakula jumla ya ampea 0.3. Kwa kapasita ya maikrofaradi 4,700 volti itapanda na kushuka kwa kiasi cha volti 0.64, kutoka kilele hadi bonde. Mita nzuri ya mkondo geu itasoma takriban volti 0.18.

Sasa fanya alichofanya fundi. Kapasita ikiongezwa mara mbili, mtikisiko unapungua nusu, yaani desibeli 6. Sikio hulitambua badiliko hilo, lakini mvumo uliokuwa ukikera bado utakera. Ukitaka kuupunguza mara mia kwa njia hiyohiyo, utahitaji maikrofaradi 470,000. Hakuna boksi la sabufa linaloweza kuzimeza, na daiodi za ampea moja zilizomo humo hazitastahimili mkondo wa kuzijaza siku ya kwanza kuwashwa.

Swali ambalo hoja ya kapasita hailiulizi kamwe ni hili: ikiwa kuna volti 0.64 za mtikisiko kwenye laini, na transista za mwisho zimeungwa moja kwa moja na laini hiyo, kwa nini spika hailii kwa volti 0.64? Ingekuwa hivyo, kila amplifaya duniani ingekuwa king'ora. Sababu ni kwamba transista ya mwisho inafuata volti ya mguu wake wa kuongoza, na kinachotokea upande wa laini kinaigusa kidogo tu. Kidogo hicho kikifika kwenye pato, mzunguko wa mrejesho unalinganisha pato na ingizo, unaona tofauti, unaisahihisha. Amplifaya yenye mrejesho mwingi hupigana na mtikisiko wa laini usiku na mchana bila mtu kuiambia.

Ila mrejesho una upofu mmoja, na hapo ndipo mvumo mwingi huingilia. Mrejesho husahihisha tofauti kati ya pato na ingizo. Mtikisiko ukishafika kwenye ingizo lenyewe, mrejesho hauoni kosa lolote. Unauchukua kuwa ni muziki na unahakikisha umekuzwa kwa uaminifu wote.

Je, mtikisiko wa laini unafikaje kwenye ingizo? Kwa mlango uliojengwa makusudi. Ukiilisha TDA2030 kwa laini moja ya volti 24, bila laini ya hasi, ingizo lake linatakiwa kukaa katikati, kwenye volti 12, ili wimbi la sauti lipate nafasi ya kupanda na kushuka. Saketi iliyozoeleka hupata volti hiyo kwa resista mbili za kilo-omu 100, moja kutoka kwenye laini na nyingine kwenda graundi. Zinapokutana huwekwa kapasita ndogo ya maikrofaradi 22, kisha resista ya tatu ya kilo-omu 100 hupeleka volti 12 hizo kwenye mguu wa ingizo. Tazama basi tulichofanya. Tumevuta waya kutoka kwenye laini chafu hadi kwenye mahali penye usikivu kuliko pote katika saketi, na mlinzi tuliyemweka ni kapasita yenye ukubwa wa punje ya mahindi.

Mlinzi huyo akiwa mzima anafanya kazi nzuri. Resista mbili zinaukata mtikisiko nusu. Kapasita ya maikrofaradi 22 pamoja na kilo-omu 50 inazoziona (zile mbili zikihesabiwa sambamba) zinaupunguza tena kama mara 690 kwa hezi 100. Kwa jumla mtikisiko umepungua mara 1,380 hivi, desibeli 63. Inapendeza, mpaka ukumbuke kwamba chipu inakuza ingizo lake mara 32, desibeli 30. Ukipima bodi peke yake, bila kitu mlangoni, mtikisiko kwenye pato utakuwa umepungua mara 43 tu. Volti 0.18 za laini zinakuwa milivolti 4 kwenye spika. Chumbani usiku, sikio likiwa karibu na koni, utausikia kwa mbali.

Sasa mpe mlinzi huyo miaka kadhaa ndani ya boksi la mbao lisilopitisha hewa, jirani na kipoza joto cha chipu. Kapasita za aina hii zina maji ya kemikali ndani, na joto huyakausha. Tuseme kutoka maikrofaradi 22 imebaki moja. Chujio lililopunguza mara 690 sasa linapunguza mara 31. Gawanya kwa resista, zidisha kwa ukuzaji, na utakuta nusu nzima ya mtikisiko wa laini imetokea kwenye pato: milivolti 90 badala ya 4. Huu ndio mvumo unaomfanya mwenye sabufa aibebe hadi kwa fundi. Fundi ataongeza kapasita kubwa mara mbili, milivolti 90 zitashuka hadi 45, mteja atalipa, na wiki ijayo atarudi akisema bado inanguruma. Kapasita iliyokufa ni ya bei ya pipi, iko sentimita chache kutoka kwenye mguu wa ingizo, na hakuna aliyeigusa.

Najua jibu litakalokuja, kwa sababu huja kila mara: "Mimi nilibadilisha ile kubwa na mvumo ukaisha kabisa." Sina shaka uliisha. Kapasita kubwa nayo huzeeka, na ile iliyotakiwa kuwa 4,700 huenda ilikuwa imebaki 300. Weka mpya ya 4,700 ileile na mtikisiko utapungua zaidi ya mara kumi na tano. Hapo umeponya kifo cha kapasita. Hujathibitisha kwamba kubwa kuliko ya kiwandani ni bora. Kuna tofauti kati ya kurudisha kilichoharibika na kurundika juu ya kizima, na biashara nzima ya "kuongeza kapasita" imejengwa juu ya kuchanganya mambo hayo mawili.

Anayetaka kwenda mbali kuliko kiwanda asiguse laini kuu. Achukue resista ya kilo-omu moja na kapasita ya maikrofaradi 470, aziweke kati ya laini na ile resista ya kwanza ya kilo-omu 100, ili umeme unaokwenda kutengeneza volti ya katikati upite hapo kwanza. Kwa hezi 100 chujio hili dogo linapunguza mtikisiko karibu mara 295, desibeli 49 juu ya zile zilizokuwepo. Gharama yake kwa umeme ni volti 0.12, kwa kuwa resista mbili za kilo-omu 100 zinakula sehemu ya nane tu ya miliampea. Linganisha na desibeli 6 za kapasita kubwa. Anayesafisha laini kuu ili ingizo litulie anachuja mto mzima ili apate kikombe cha chai. Mto unabeba ampea, kikombe kinahitaji miliampea isiyotimia.

Mtu makini atauliza kwa nini basi tusikuze tu ile ya maikrofaradi 22 hadi 220, tupate desibeli 20 bila resista mpya. Inawezekana, lakini kuna malipo. Kapasita hiyo inajazwa kupitia kilo-omu 50, na kwa maikrofaradi 220 mwendo wake wa kujaa hupimwa kwa sekunde 11. Ukiwasha sabufa, ingizo litapanda polepole kuelekea volti 12, na muziki utatoka umekatwakatwa mpaka lifike. Maikrofaradi 47 au 100 zinavumilika. Chujio la hatua mbili halina tatizo hili, ndiyo maana nalipendelea.

Kundi la pili la watu ninaotofautiana nao halitaki kapasita. Linasoma namba. Chipu ya NE5532, wanasema, ina `PSRR` ya desibeli 100, kwa hiyo umeme wake ukiwa mchafu si kitu. Namba ni ya kweli, lakini wanaisoma vibaya mara mbili. Kwanza, kwa chipu za aina hii namba hiyo hupimwa kana kwamba mtikisiko umeingizwa kwenye ingizo. Ukiikuza sauti mara 100, unakuza na huo mtikisiko, na desibeli 100 zinabaki 60 kwenye pato. LM386, chipu ndogo ya redio za betri, inaandikwa desibeli 50, na mtu anaweza kuidharau. Lakini 50 hizo zimehesabiwa kwenye pato, kwa hezi 1,000, kapasita ya maikrofaradi 10 ikiwa kwenye mguu wa 7. Namba mbili za namna tofauti haziwekwi kwenye mizani moja.

Huo mguu wa 7 wenyewe ni ushahidi wangu bora. Ndani ya LM386, resista zinazotoka kwenye laini ndizo zinazolazimisha pato likae nusu ya volti. Mguu wa 7 ni katikati ya resista hizo, umetolewa nje ili mjenzi aweke kapasita. Asipoiweka, nusu ya kila mtikisiko wa polepole wa laini huonekana kwenye pato, kwa sababu pato limeamriwa lifuate nusu ya laini. Akiiweka, anapata desibeli 50. Waliotengeneza chipu hawakumwambia aongeze kapasita ya laini. Walimpa mguu mzima kwa ajili ya kusafisha mahali palipokuwa pachafu.

Kosa la pili katika kusoma namba ni kusahau masafa. Desibeli 100 za NE5532 ni za mabadiliko ya polepole sana. Ndani ya amplifaya nyingi, transista ya katikati inayotoa ukuzaji mkubwa wa volti hukaa imeegemea laini moja, mara nyingi ya hasi, na kapasita ndogo ya kutuliza huunganisha pato lake na mguu wake wa kuongoza. Kadiri masafa yanavyopanda, kapasita hiyo inaifunga transista na laini iliyoegemea. Laini ikicheza, transista nzima inacheza pamoja nayo. Mrejesho ungeweza kusahihisha, lakini nguvu ya mrejesho nayo inapungua mara kumi kila masafa yanapoongezeka mara kumi. Ndiyo maana laini mbili za chipu moja haziko sawa: LM1875 kwa kawaida hukataa mitikisiko ya laini ya chanya kwa desibeli 95 na ya hasi kwa 83. Ndiyo maana pia adapta nyepesi zinazokata umeme kwa makumi ya maelfu ya hezi huleta miluzi na mikwaruzo kwenye saketi iliyokuwa kimya ikilishwa na transfoma. Huko juu kapasita kubwa ya laini haisaidii sana, kwani kwa kasi hiyo waya wake na umbo lake la kuviringwa vinaizuia. Kinachosaidia ni kapasita ndogo ya maikrofaradi 0.1 iliyo karibu kabisa na miguu ya chipu.

Kapasita kubwa inaweza hata kuongeza kelele. Kadiri ilivyo kubwa, volti yake inashuka kidogo kati ya mijazo, na daiodi zinapata muda mfupi zaidi wa kuijaza. Umeme uleule unapaswa kuingia kwa muda mfupi, basi unaingia kwa kishindo: mkondo wa wastani wa ampea 1 au 2 unaweza kuwa na vilele vya ampea 10. Vilele hivyo hupita kwenye waya wa graundi kati ya daraja na kapasita. Sentimita kumi za waya wa shaba wa milimita moja ya mraba zina karibu omu 0.0017. Kwa ampea 10 hizo ni milivolti 17, na kama graundi ya ingizo imechomelewa upande usiofaa wa sentimita hizo kumi, milivolti 17 zinakuwa muziki, zinakuzwa mara 32, na volti nusu inatokea kwenye spika. Sauti yake ni kali kama ya nyuki, kwa sababu vilele vina masafa mengi ndani yake, wakati mtikisiko unaopenya kwenye ingizo kupitia chujio la volti ya katikati ni mnene na laini. Mtu aliyeongeza kapasita akasikia mvumo umegeuka kuwa mlio wa nyuki asitafute kapasita nyingine. Aihamishe graundi ya ingizo, aiunge kwenye mguu wa hasi wa kapasita baada ya mahali waya wa daraja unapoingia.

Yote haya yanapimika mezani kwa muda mfupi. Tumia mita inayosoma milivolti za mkondo geu, si ile ya bei rahisi ambayo skeli yake ya chini ni volti 200, na weka kapasita ya maikrofaradi moja mfululizo na ncha ya mita ili volti tulivu isiidanganye. Pima laini, kisha volti ya katikati, kisha pato. Katika mfano wetu laini ina milivolti 180. Volti ya katikati ikiwa na sehemu ya kumi ya milivolti, kapasita ya 22 ni nzima. Ikiwa na milivolti 3, umempata mhalifu. Halafu funga ingizo na graundi kwa waya mfupi kwenye bodi. Mvumo ukishuka sana, ulikuwa ukipitia resista ya tatu kutoka kwenye volti ya katikati, au ulikuwa ukinaswa na waya wa nje. Usiposhuka, uko ndani ya chipu au kwenye graundi. Mwisho, lisha bodi kwa betri mbili za volti 12. Kilichobaki baada ya hapo hakitokani na laini ya umeme hata kidogo.

Jaribio la kufunga ingizo linaeleza pia kwa nini watu hulaumu waya wa sauti. Simu ikichomekwa, ukinzani wake mdogo unauvuta mtikisiko kuelekea graundi na mvumo unapungua. Ikichomolewa, mvumo unarudi. Mwenye sabufa anahitimisha kwamba waya ndio mbovu, ananunua mwingine, na kapasita ya maikrofaradi 22 inaendelea kukauka.

Pana mahali pamoja ambapo wenye kapasita kubwa wana haki. Sauti ikifunguliwa mpaka wimbi linagonga dari ya volti, transista ya mwisho inakuwa imefunguka kabisa na mrejesho hauna tena pa kusukuma. Wakati huo `PSRR` ya amplifaya ni sifuri: kilele cha kila wimbi kinachorwa na laini yenyewe, pamoja na mitikisiko yake yote. Kwa besi nzito inayokula ampea 2, kapasita ya 4,700 hushuka kwa zaidi ya volti 4 kati ya mijazo, na dari inashuka nazo mara 100 kila sekunde. Ya 10,000 itakurudishia zaidi ya volti mbili za nafasi kabla wimbi halijagonga. Hiyo ni faida ya nguvu, na inastahili kulipiwa na anayecheza muziki kwa sauti hiyo, mradi daiodi na graundi zimebadilishwa pamoja nayo. Aliyekuja na sabufa inayovuma ikiwa haina wimbo hata mmoja alikuwa na ugonjwa mwingine.